Kanuni Tatu, Hesabu Mbili: Vidokezo vya Kuhesabu Mawimbi ya Elliott

Mpe mtu chati ya euro na dola ahesabu mawimbi, kisha mpe mwenzake chati hiyohiyo. Watarudi na namba tofauti, kila mmoja akiapa kwamba hakuvunja kanuni hata moja, na mara nyingi wote wawili watakuwa wamesema kweli. Hapo ndipo wengine huamua kwamba mambo haya ni ramli. Ukiijua kazi ya kanuni zenyewe hutashangaa. Kanuni za Elliott zinafuta hesabu mbovu, basi. Hazikuchagulii iliyo sahihi kati ya zile zilizosalia.

Kwa aliyekaa mbali na chati kidogo: soko linalopanda huenda kwa hatua tano. Wimbi la kwanza, la tatu na la tano hupanda. La pili na la nne hushuka kupumzika. Hayo matano kwa pamoja huitwa wimbi la msukumo. Likiisha, huja marekebisho ya hatua tatu, A, B na C, yanayokwenda kinyume. Soko linaloshuka ni picha hiyohiyo iliyopinduliwa. Na kila wimbi, ukilikaribia, utalikuta limejaa mawimbi madogo ya namna hiyohiyo.

1. Tenganisha kanuni na mazoea

Ralph Nelson Elliott alikuwa mhasibu Mmarekani, mzaliwa wa 1871, aliyeanza kuchambua chati za soko la hisa la New York baada ya ugonjwa kumstaafisha. Kitabu chake cha kwanza kuhusu mawimbi kilitoka mwaka 1938. Orodha ya kanuni tunayoitumia leo, hata hivyo, ilipangwa vizuri na A. J. Frost na Robert Prechter katika kitabu chao cha mwaka 1978, na kwa wimbi la msukumo zinazotajwa kila mahali ni tatu.

Ya kwanza: wimbi la pili halirudi nyuma kupita pale la kwanza lilipoanzia. Ya pili: kati ya la kwanza, la tatu na la tano, la tatu haliwi fupi kuliko yote. Ya tatu: wimbi la nne haliingii katika eneo la bei la wimbi la kwanza.

Mengine yote unayoyasikia ni mazoea. Kwamba wimbi la pili hupenda kurudi asilimia 61.8, kwamba la pili likiwa kali la nne huwa la kutambaa, kwamba la tano hupenda kulingana na la kwanza pale la tatu linaporefuka: hayo hutokea mara nyingi, na siku nyingine hayatokei. Mtu akikwambia hesabu yako imekufa kwa sababu wimbi la pili limerudi asilimia 85, mwambie bado ipo hai. Imedhoofika, lakini ipo.

2. Tafuta kwanza bei inayoiua hesabu, halafu ndiyo uulize bei inakoelekea

Chukua chati ndefu inayojulikana kuliko zote kwa wapenzi wa mawimbi, fahirisi ya Dow Jones, na utumie bei za kufunga. Julai 1932 ilikuwa 41.22, chini kabisa baada ya anguko kuu. Machi 1937 ilikuwa 194.40. Aprili 1942 ilirudi hadi 92.92. Februari 1966 ilifika 995.15. Desemba 1974 ilishuka hadi 577.60.

Frost na Prechter waliziita hatua hizo wimbi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Tuzipime. Wimbi la pili liliishia 92.92, juu ya 41.22, kwa hiyo kanuni ya kwanza imepita. Lilirudi kama asilimia 66 ya wimbi la kwanza, jambo la kawaida tu. Wimbi la tatu lilipanda pointi 902, la kwanza pointi 153. Ya pili kati ya kanuni zetu nayo imepita. Wimbi la nne liliishia 577.60, na kilele cha la kwanza kilikuwa 194.40. Hayakukaribiana hata kidogo.

Angalia sasa kipimo hiki kimetupa nini. Kimetuambia kwamba wakati wimbi la pili linashuka kutoka mwaka 1937, bei ya kuifuta hesabu ilikuwa 41.22. Wimbi la nne lilipokuwa linashuka baada ya 1966, bei hiyo ilihamia 194.40. Mtu anayefanya biashara ya sarafu kwa chati ya saa moja afanye hivyohivyo: kabla ya kununua aandike namba ya kufutika, kwa sababu hiyo ndiyo namba pekee ambayo kanuni zenyewe zimempa. Shabaha ya faida inatoka kwenye mazoea. Agizo la kukata hasara linaweza kukaa kwenye kanuni.

Na kama umbali kutoka ulipo hadi kwenye bei ya kufutika ni mkubwa kuliko mfuko wako unavyoweza kuvumilia, usiisogeze bei hiyo karibu ukajidanganya kwamba ni kanuni. Punguza ukubwa wa biashara, au iache.

3. Ukiona la tatu ni fupi kuliko la kwanza, la tano limewekewa dari

Kanuni ya pili husomwa haraka na kusahaulika, kumbe ndiyo yenye faida kubwa. Haisemi wimbi la tatu liwe refu kuliko yote. Inasema lisiwe fupi kuliko yote. Kwa hiyo inaruhusiwa kabisa la tatu liwe fupi kuliko la kwanza, ila hapo la tano linalazimika kuwa fupi zaidi.

Tuseme pauni na dola. Wimbi la kwanza lilipanda pipsi 120, la tatu pipsi 95, na la nne limeishia 1.2650. Wimbi la tano haliwezi kufika mbali zaidi ya pipsi 95 kutoka hapo, yaani 1.2745. Bei ikipita namba hiyo, la tatu ndilo limekuwa fupi kuliko yote na hesabu imekufa, hata kama kila kitu kingine kilikuwa kinapendeza.

Ikifa namna hiyo, mara nyingi kosa ni la ngazi. Ulichokiita la tatu na la nne vilikuwa la kwanza na la pili, madogo, ndani ya wimbi la tatu kubwa lililokuwa ndiyo kwanza linaanza. Aliyekuwa anajiandaa kuuza kwenye kilele cha la tano anajikuta amesimama mbele ya wimbi lenye nguvu kuliko yote. Ndiyo maana namba hiyo ya dari iandikwe mapema.

Upande wa pili wa kanuni hii nao tuuweke akilini, kwa sababu tutauhitaji mwishoni: la tatu likishakuwa refu kuliko la kwanza, la tano halina dari yoyote. Linaweza kwenda litakako, na kanuni haitasema neno.

4. Amua mapema kama mkia wa mshumaa unahesabika

Wimbi la nne lisiguse eneo la la kwanza. Sawa, lakini liguse kwa kitu gani? Kwa bei ya kufunga, au hata kwa mkia mwembamba wa mshumaa uliodumu sekunde kadhaa?

Namba za Dow nilizozitaja juu ni za kufunga, na hakuna aliyebishana nazo sana. Kwenye sarafu mambo ni magumu, kwa sababu hakuna soko moja lenye bei moja rasmi. Tarehe 7 Oktoba 2016, asubuhi ya Asia, pauni ilianguka kwa dakika chache kutoka karibu 1.26 hadi chini ya 1.15 kwenye baadhi ya majukwaa, kisha ikarudi sehemu kubwa ya njia. Madalali tofauti waliandika bei tofauti za chini kabisa za siku hiyo. Kwa hiyo watu wawili waliotumia madalali wawili walikuwa na mikia miwili yenye urefu tofauti, na kanuni ileile ingeweza kuvunjwa kwenye chati ya mmoja na kusalimika kwenye ya mwingine.

Frost na Prechter wenyewe waliacha upenyo hapa. Waliiweka kanuni ya kutoingiliana kama sheria kwa masoko ya fedha taslimu, wakakiri kwamba kwenye mikataba ya baadaye, ambako watu hufanya biashara kwa fedha za kukopa, bei inaweza kuruka kwa muda mfupi na kuvuka mpaka, ingawa ni nadra. Wafanyabiashara wa sarafu wameuchukua upenyo huo wakaupanua mpaka ukawa mlango.

Mimi nipo upande wa ukali. Kuanzia chati ya saa moja kwenda juu, mkia unahesabika, na wimbi la nne likigusa kilele cha la kwanza, hesabu naitupa. Mwingine anaweza kuchagua bei ya kufunga, na haina ubaya, ilimradi achague kabla ya tukio na asibadilishe pale inapomfaa. Kwenye chati ya dakika moja sioni haja ya kubishana. Kelele ni nyingi kuliko wimbi.

5. Usijifiche kwenye mshazari

Kuna umbo moja la mawimbi matano ambalo linaruhusiwa kuingiliana: mshazari. La nne huingia eneo la la kwanza, na mistari inayounganisha vilele na mabonde huelekea kukutana, kama kabari. Umbo hilo ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba limekuwa kimbilio la kila hesabu iliyovunjika. Wimbi la nne limeingiliana na la kwanza? Basi ni mshazari!

Anayesema hivyo muulize maswali matatu kuhusu mshazari wake. Upo wapi? Mshazari hukaa mahali pa wimbi la kwanza au A, yaani mwanzo wa safari, au pa wimbi la tano au C, mwisho wake. Haukai mahali pa wimbi la tatu, kamwe. Ndani yake kuna nini? Ule wa mwisho wa safari hujengwa na hatua tatutatu kila wimbi, si tanotano. Na je, wimbi la nne limebaki upande wake wa mwisho wa la pili? Likipita hapo, hata mshazari umekufa.

Asiyeweza kujibu swali la kwanza hana haja ya kuendelea na yale mengine.

6. Kwenye marekebisho, hesabu ndani ya A kabla ya kutaja jina

Hapa ndipo watu wanapopotea, na ndipo inapobidi kukaa kidogo.

Kanuni kuu ya marekebisho ni moja: marekebisho kamili hayawi hatua tano za msukumo. Bei ikishuka kinyume cha mwelekeo mkuu kwa hatua tano safi, hiyo ni sehemu tu ya marekebisho, na kuna nyingine inakuja. Anayenunua pale tano ya kwanza inapoisha, akidhani soko limeshapumzika, ananunua mwisho wa A huku C haijazaliwa.

Baada ya hapo kuna familia mbili za msingi. Zigizaga ina A ya hatua tano, B ya hatua tatu na C ya hatua tano. Na B yake haivuki kamwe pale A ilipoanzia. Bapa ina A ya hatua tatu, B ya hatua tatu na C ya hatua tano. Na B yake inapaswa kurudi angalau asilimia 90 ya A. B ya bapa inaruhusiwa hata kuvuka mwanzo wa A, na ikivuka tunaiita bapa iliyopanuka.

Tazama Dow baada ya Februari 1966. Kutoka 995.15 ilishuka hadi 744.32 mwezi Oktoba mwaka huo, ikapanda hadi 985.21 Desemba 1968, ikashuka tena hadi 631.16 Mei 1970. Hizo ni hatua tatu. Ukiiita safari hiyo A, tayari zigizaga imeondoka mezani, maana A yake ingepaswa kuwa tano. Kisha bei ikapanda hadi 1051.70 Januari 1973, juu ya 995.15, yaani B imevuka mwanzo wa A. Zigizaga sasa imekufa mara mbili. Bapa iliyopanuka inaishi vizuri: B imerudi kama asilimia 115 ya A. Halafu likaja anguko la 1973 na 1974, hadi 577.60, chini ya mwisho wa A. Hiyo ndiyo C.

Sasa fikiria aliyekuwa anaitazama chati hiyo Januari 1973, kabla ya anguko. Bei imevuka kilele cha mwaka 1966. Kwa macho ya kawaida wimbi la tano limeanza na soko linapaa. Kwa macho ya bapa, hiyo ni B na anguko lipo mlangoni. Hakuna kanuni iliyoitenganisha mitazamo hiyo miwili siku ile. Kilichokuwepo ni ushahidi wa ndani: kupanda kutoka 1970 kulikuwa kwa hatua tatu au tano? Chati ya wakati huo inaonyesha 950.82 Aprili 1971, kushuka hadi 797.97 Novemba, na kupanda hadi kilele. Mimi naona tatu. Lakini neno langu hapo ni "naona", na mwenye chati ya kila siku na subira ya kutosha anaweza kuikata hatua ya mwisho vipande akapata tano.

Hicho ndicho kiini cha ubishi wote. Kanuni zinasema wazi nini kifanyike ukipata tatu na nini ukipata tano. Hazisemi mpindo mdogo kiasi gani uhesabike kuwa wimbi. Hilo ni jicho lako.

7. Pembetatu haikai popote tu

Pembetatu ni marekebisho ya hatua tano, A hadi E, kila hatua ikiwa na tatu ndani yake. Haijitokezi peke yake kama wimbi la pili. Utaikuta kwenye la nne, kwenye B, kwenye X, au ikiwa ya mwisho katika mchanganyiko. Na ile inayobana ina mipaka: C haivuki mwisho wa A, D haivuki mwisho wa B, E haivuki mwisho wa C.

Elliott mwenyewe alidai kwamba miaka 13 kuanzia 1928 hadi 1942 ilikuwa pembetatu kubwa. Ukiweka mwisho wa A, C na E kwenye mabonde ya 1932, 1938 na 1942, unapata 41.22, 98.95 na 92.92. E imeshuka chini ya C. Kwa kanuni tunazotumia leo, pembetatu ya mwasisi haikubaliki! Isitoshe, ingetaka kupanda kwa 1932 hadi 1937 kuwe na hatua tatu, na sisi kwenye kidokezo cha pili tumekuita wimbi la kwanza, lenye tano.

Hamilton Bolton, Mkanada aliyeendeleza kazi ya Elliott baada ya Elliott kufariki mwaka 1948, aliirefusha pembetatu hiyo hadi miaka 21 na kuimaliza 1949. Frost na Prechter waliitupa, wakaweka mwanzo wa mambo yote kwenye 1932. Watu makini, chati ileile, miaka mitatu tofauti.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Bolton, kwa kuanzia 1949 yake, alitoa mwaka 1960 utabiri ambao mashabiki husimulia mpaka leo. Alichukua kupanda kwa 1949 hadi 1956, pointi 361, akakuzidisha kwa 1.618 akapata takriban 583, akajumlisha na bonde la mwaka 1957 lililokuwa 416. Jibu: 999. Miaka sita baadaye soko likageukia 995.15. Wasimulizi husahau kwamba aliweka pia namba ya pili, 777, ambayo ni 416 na 361 bila kuzidisha. Hesabu moja ilimpa shabaha mbili zilizoachana kwa pointi zaidi ya 200, na soko likachagua moja.

8. Ukifika W, X, Y, punguza sauti

Marekebisho yanaweza kuungana: umbo moja, kiungo X, umbo jingine, na hata la tatu. Mipaka ipo. Yasizidi maumbo matatu, na pembetatu, kama ipo, ije mwisho. Lakini ndani ya mipaka hiyo karibu mtikisiko wowote wa kwenda pembeni unaweza kupewa herufi. Hesabu inayohitaji W, X, Y, X na Z ili isife mimi naisoma hivi: anayehesabu hajui, na soko limetulia. Hilo lenyewe ni taarifa ya kutosha ya kukaa pembeni.

9. Usihesabu mahali pasipo na umati

Kidokezo kifupi kwa wanaopenda hisa za nyumbani, Nairobi na Dar es Salaam. Wazo la Elliott linasimama juu ya hisia za watu wengi wanaonunua na kuuza mfululizo. Hisa ya kampuni ndogo inayopitisha siku bila muamala, kisha ikaruka kwa oda moja ya mtu mmoja, haina mawimbi ya kuhesabu. Ina ngazi. Hata kanuni zikipita zote tatu, umepima maamuzi ya wauzaji wachache.

10. Weka hesabu mbili, na bei inayozitenganisha

Turudi kwenye Dow, tuimalize. Wimbi la nne liliishia wapi? Jibu la kwanza: Desemba 1974, 577.60. Jibu la pili, ambalo Prechter mwenyewe alilijadili baadaye: lilikuwa mchanganyiko wa maumbo mawili, likaburuzika pembeni hadi Agosti 1982, 776.92. Pima majibu yote mawili kwa kanuni. Yote yapo juu sana ya 194.40. Yote ni halali.

Sasa tumia zoea moja juu yake: la tatu likirefuka, la tano hupenda kulingana na la kwanza. Wimbi la kwanza, kutoka 41.22 hadi 194.40, lilipanda asilimia 371.6. Ukianzia 1974, kupanda huko kunakufikisha 2724. Ukianzia 1982, kunakufikisha 3664. Kanuni zilezile, zoea lilelile, tofauti ya pointi 940, na chanzo chake ni uamuzi mmoja wa jicho.

Tarehe 25 Agosti 1987 Dow ilifunga 2722.42. Chini ya pointi mbili kutoka shabaha ya kwanza! Oktoba 19 ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja, ikafunga 1738.74. Aliyeanzia 1974 alikuwa na kila sababu ya kusema wimbi la tano limekwisha na kipindi kirefu cha kushuka kimeanza.

Agosti 1989 soko likafunga juu ya kilele kile. Je, hesabu yake ilikufa? Kwa kanuni, hapana. Angeweza kusema anguko la 1987 lilikuwa A, na kupanda huku ni B ya bapa iliyopanuka. B ya namna hiyo inaruhusiwa kuvuka mwanzo wa A, na hakuna kanuni inayosema iishie wapi. Lipo zoea tu, kwamba mara nyingi haizidi asilimia 138 hivi ya A. Hapa hiyo ni kama 3096. Mwaka 1991 ulifungwa na Dow ikiwa 3168.83. Zoea limepitwa, kanuni bado ziko kimya. Mwisho wa 1993 soko lilikuwa limepita na ile 3664 ya mwenzake, na Januari 14, 2000 likafunga 11,722.98.

Hakuna kanuni hata moja kati ya zile tatu iliyovunjwa njiani, kwa kuwa la tatu lilikuwa refu kuliko la kwanza tangu 1966 na la tano halikuwa na dari.

Kwa hiyo ukiwa na hesabu mbili halali, andika bei ambayo moja haiivumilii kirahisi na nyingine inaihitaji. Kwa wawili hao, bei hiyo ilikuwa 2722.42. Aliyeanzia 1982 alihitaji soko lipite hapo ili lifike 3664. Aliyeanzia 1974 alihitaji lisipite, isipokuwa kwa msaada wa B. Andika pia, kwa mkono wako mwenyewe, ukomo utakaoheshimu pale kanuni zisipokupa ukomo: bei fulani, kufunga kwa wiki ngapi juu yake, na tarehe uliyoandika. Herufi za zamani usizifute kwenye chati. Zipunguzie rangi, weka mpya juu yake, ili siku ukiihamisha B yako kwa mara ya tatu uione.